Bidoni Si Litre

Hotuba zinanichosha, na asubuhi ile nilikuwa na sababu nyingine ya kukaa vibaya kwenye kiti. Kampuni yetu inasafirisha bidhaa toka bandarini Kalemie mpaka Kabalo na Manono. Siku ile tulikuwa tunawasha logisieli mupya ya kompyuta: magazini, manunuzi na faktire za kuwadai wateja, vyote mahali pamoja. Mimi Adolphine njo mama wa magazini, ninayetunza ghala. Jana yake niligundua kosa langu. Mafuta ya injini tunayahesabu kwa bidoni, nikaandika 180. Mashini imeelewa litre 180. Bidoni moja ni litre ishirini, ee Mungu wangu! Fortunée, aliyekalia kiti changu kabla yangu, alifukuzwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Papa Barthélemy, mkurugenzi aliyeusimamia muradi toka mwanzo, akachukua mikrofoni. Pembeni yake DG, mkubwa wetu, alikuwa ametoa tabasamu la picha.

"Sitawadanganya," akasema Papa Barthélemy. "Miezi mitatu ya kwanza tutakuwa wazito kuliko jana. Faktire ya dakika tano itachukua ishirini. Kufunga mwezi kutachelewa. Ripoti ya mwezi wa kwanza musiiamini mpaka tuhesabu stoku kwa mikono. Gauthier na wenzake wa logisieli, wale wenye gilé, fulana ya rangi ya chungwa, watakuwa karibu yenu wiki sita."

Tabasamu la DG likapungua.

"Na mutu asifiche daftari lake chini ya meza. Ukiona kosa, liseme siku ileile. Hatutamuazibu mutu kwa kosa alilolisema mwenyewe."

Maneno matamu! Nilikuwa nimeshayasikia kwa wakubwa wengine. Lakini lori la kwanza lilikuwa linatoka saa nne, na baada ya bon ya kwanza, karatasi ya kutoa mali, kurekebisha kungekuwa kazi kubwa zaidi. Mficha uchi hazai. Nikasimama.

"Papa, kosa moja tayari liko. Niliandika bidoni, mashini inasoma litre."

DG akageuka. "Nani alisaini ile liste ya stoku?"

Sahihi zilikuwa mbili: yangu na ya Papa Barthélemy. Nilijua, naye alijua.

"Mimi," akasema Papa Barthélemy. "Nilisaini bila kusoma safu ya vipimo." Alikuwa anatoka jasho. "Mama Adolphine, bidoni ni ngapi kweli?"

"Mia moja na themanini. Nimezigusa moja moja."

"Gauthier, andika: kosa nambari moja. Litre elfu tatu na mia sita. Rekebisheni sasa, lori lingoje."

DG akatazama saa yake.

Nikakaa. Nilitaka kulia, nikacheka. Nyuma yangu kiti kikakwaruza sakafu. Gracieuse wa faktire, ambaye hata njaa yake haisemi, alikuwa amesimama.

"Papa," akasema, "mimi niko na makosa matatu."