Mimba Haikai Kwapani

Muwasho ulianza juu ya kitovu, katika mwezi wa tano wa mimba yake, lakini kilichompeleka dukani kwa dada yake hakikuwa muwasho. Zilikuwa sharubu.

"Mwalimu," mwalimu wa hesabu alimwambia mbele ya wenzao wote, kikombe cha chai mkononi, "mtoto hajazaliwa bado, naona wewe ndiye unayeota ndevu."

Chumba kizima cha walimu kilicheka, na yeye akacheka nao, kwa kuwa asiyecheka pale huongezewa. Kipindi kilichofuata alifundisha akiwa ameupa ubao uso na wanafunzi mgongo. Alikuwa amekwisha kuliona lile doa kwenye kioo cha bafuni: kivuli cha rangi ya kahawa juu ya mdomo, kingine kikitambaa kwenye mashavu, shingo iliyokolea weusi kama ya mtu mwingine, na chini ya kitovu mstari mweusi ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Mumewe alisema haoni weusi wowote. Ulikuwa uongo wa huruma, na ulimuumiza kuliko mzaha wa mwalimu wa hesabu.

Dada yake alikuwa na duka la vipodozi, chumba kimoja chembamba chenye rafu mpaka darini na kioo kilichoshika ukuta mzima. Ndiyo sababu mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Mama Kioo. Yeye ndiye aliyemlea mwalimu tangu mama yao alipofariki. Aliacha shule ili mdogo wake asome, na katika miaka yote ile hakuwahi kumsimanga kwa hilo.

"Ona uso wa mwanangu ulivyofanywa!" Mama Kioo alisema, akimshika kidevu na kumgeuza kwenye mwanga. "Huyo wa ndani mkorofi. Na tumbo?"

"Linaniwasha, dada. Najikuna mpaka nachubuka."

"Michirizi hiyo, inatafuta njia. Tutaiwahi kabla haijatoka."

Nyuma ya pazia palikuwa na beseni safi, mwiko wa mbao uliochemshwa, na makopo meupe yasiyo na maandishi. Mama Kioo alichanganya polepole, mikono yake ikinukia sabuni. Jambo moja alijivunia kuliko yote: hakuuza sumu. "Wale wa mtaa wa nyuma wanatia zebaki, Mungu awasamehe. Mimi natia dawa ya hospitali. Ya vipele, ile ile wanayoandikiwa watu na madaktari. Sasa dawa ya hospitali itamdhuru nani?"

Kisha alimlaza kwenye benchi, akampaka tumboni kwa kiganja kizima, taratibu, kama alivyompaka mafuta alipokuwa mtoto mwenye surua. "Upake kila mahali, asubuhi na jioni. Hata kwapani, hata mapajani. Usije ukanitoka madoadoa kama chui."

Siku ya tatu muwasho ulikoma. Wiki ya tatu sharubu zilififia, na mwezi ulipotimia uso wake ulikuwa umetakata hivi kwamba mwalimu wa hesabu aliacha mzaha wake. Mama Kioo alimwomba jambo dogo tu: kila Jumamosi apite dukani, akae kidogo kwenye kiti cha mbele ya kioo. Hakutakiwa kusema neno. Wajawazito waliingia, wakamtazama, wakamtazama tena, na Mama Kioo akasema, "Huyo ni mdogo wangu, ana miezi sita. Mtafuteni doa." Wao wakacheka, na kila mmoja akatoka na kopo. Mwalimu alitabasamu. Baadaye, alipojiuliza kosa lake lilianzia wapi, hakuweza kujidanganya kwamba tabasamu si kauli.

Wiki ya thelathini na mbili, mkunga wa kliniki alimlaza, akanyoosha utepe kutoka mfupa wa kinena hadi kileleni mwa tumbo, akausoma, akaupima tena.

"Sentimita ishirini na nane. Kwa wiki zako zilitakiwa zikaribie thelathini na mbili. Mwezi uliopita ulikuwa unakwenda sawa." Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, asiye na haraka. "Inua mkono nikupime presha."

Mkono ulipoinuka, mkunga aliweka chini mashine yake. Kwapani palikuwa na mistari mipana ya zambarau, ngozi yake nyembamba kama karatasi ya kufungia sigara. Akaomba ruhusa, akaangalia mapaja kwa ndani, akaangalia nyuma ya magoti.

"Hii michirizi ina muda gani?"

"Wiki nne, tano. Si ni ya mimba?"

"Ya mimba naijua, mama. Hutoka panapovutika kwa haraka: tumboni, kwenye matiti, nyongani. Huchangiwa na homoni, na asili ya ukoo. Kama mama yako aliipata, nawe jiandae. Lakini mimba haikai kwapani." Alivua miwani. "Unapaka nini?"

Mwalimu alikuwa na kopo ndani ya mkoba. Mkunga alilifungua, akanusa, akatia kidogo kati ya vidole.

"Viganja vinawasha? Nyayo? Hasa usiku, bila vipele?"

"Hapana. Ilikuwa tumbo tu."

"Afadhali hilo. Viganja na nyayo vingewasha ningekukimbiza ukapimwe damu tuangalie ini, na hata sasa nitaomba ipimwe, maana hiki kilichomo humu hunyamazisha mengi. Muwasho wa tumbo ni ngozi kukauka na kuvutika. Maji yasiyo moto, mafuta ya kawaida yasiyo na manukato, nguo ya pamba inayopwaya. Basi. Haupendezi, ila hauui."

"Na weusi?"

"Homoni hiyo, na jua huikoleza. Kofia pana, krimu ya kukinga jua, na subira. Ukishajifungua, miezi hupita, hufifia wenyewe. Ule mstari wa tumboni pia. Michirizi ya mimba nayo hupauka, ingawa haiishi, wala sijaona mafuta yanayoizuia, hata yawe ghali namna gani. Lakini hakuna anayetaka kuambiwa asubiri." Alisema hili bila kumlaumu, akiandika. "Hiki, nadhani, ni marhamu kali ya jamii ya steroidi. Hutuliza muwasho, hung'arisha, kisha huila ngozi mpaka ikapasuka kwa ndani. Usiiache ghafla leo kwa hofu. Mwili ukiizoea nao hudai. Daktari atakupangia namna ya kushuka."

Daktari alithibitisha siku hiyo hiyo, na picha ya tumbo ikaonyesha mtoto mdogo kuliko wiki zake; moyo wake ulipiga vizuri, na damu ilipita kwenye kamba ya kitovu kama inavyotakiwa. Angetazamwa kila wiki. "Marhamu kali kwa wingi namna hii, kwa miezi, imewahi kuhusishwa na watoto kuzaliwa wadogo," daktari alisema. "Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomfanya hivi. Wala siwezi kukuambia siyo."

Mwalimu alikwenda dukani moja kwa moja. Palikuwa patupu. Aliweka kopo juu ya kaunta, akaeleza yote, kwa utaratibu, kama anayesoma imla, kwa sababu alijua akipaza sauti angelia.

Mama Kioo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia nyuma ya pazia, akarudi na viganja vimejaa tyubu ndogo ndani ya visanduku vyake, akazimwaga kaunta.

"Haya, wewe uliyesoma, soma. Zimetoka duka la dawa, si jalalani. Nimezitia ishirini kwenye beseni moja. Sumu iko wapi?"

Mwalimu alisoma. Karatasi ndogo za maelezo zilikuwa bado zimekunjwa ndani ya visanduku, hakuna aliyezifungua. Ilikuwa imeandikwa: sehemu ndogo, siku chache, si kwenye mikunjo ya mwili, mjamzito amwone daktari kwanza.

"Dada, haya yako humu ndani."

"Karatasi! Kila dawa ina karatasi ya vitisho. Ungeisoma ya vidonge vya kichwa ungekufa kwa hofu." Lakini sauti ilikuwa imepungua, na akaanza kuzikusanya zile tyubu. "Mtoto... mtoto yuko sawa?"

"Ni mdogo. Wanamwangalia."

Mama Kioo aliketi. Kwa muda mfupi mwalimu aliona dada yake yule wa zamani, msichana wa miaka kumi na sita aliyembeba yeye mgongoni bila kujua kesho watakula nini, na akadhani wataondoka pale wakiwa pamoja.

"Usiwaambie watu," Mama Kioo alisema hatimaye. "Nitapunguza. Nitatia kumi."

"Dada, si suala la kumi."

"Hili duka ndilo lililokutoa, mwanangu. Kila herufi unayoandika ubaoni imetoka humu. Unataka unizike nikiwa hai?"

Mlango ukafunguliwa kabla hajajibu. Aliingia mjamzito kijana, mimba yake ya kwanza kwa namna alivyoishika kwa mikono miwili, mashavu yamejaa madoa.

"Mama Kioo, shikamoo. Mwalimu, afadhali nimekukuta! Wiki iliyopita nilikuona hapa, nikamwambia shemeji yako, mume wangu: mimi nataka ile ile ya Mwalimu. Hii ngozi inaniwasha mpaka nataka kujivua."

Mama Kioo alimtazama mdogo wake tu.

"Usiichukue," mwalimu alisema.

Akainua mkono, akaivuta blauzi pembeni, akamwonyesha ile mistari ya zambarau. Alimweleza kuhusu utepe wa mkunga, kuhusu mtoto, kuhusu mafuta ya kawaida na kofia na kusubiri. Alieleza vizuri, kazi yake ilikuwa kueleza. Yule kijana alilitazama kwapa lile kwa mshtuko, kisha akautazama uso, na macho yake yakabaki usoni, pale pasipo na doa.

"Mimba imemkaa vibaya huyu, maskini," Mama Kioo alisema taratibu, akiwatazama wote wawili na asimtazame yeyote. "Kila mtu na ngozi yake."

"Ndiyo nisemayo," kijana akadakia, kama aliyetuliwa mzigo. "Mwalimu, usinikasirikie, lakini ulipokuwa unang'aa hapo kitini hukusema kitu. Sasa umeshapendeza ndiyo wenzako tukae na ndevu?"

"Sikujua wakati ule."

"Aa, basi." Alicheka, bila ubaya. "Mimi sitapaka kwapani."

Mama Kioo aliinuka. Alichukua kopo kutoka rafuni, si lile lililokuwa kaunta, akalifuta vumbi kwa kitambaa ingawa halikuwa na vumbi, akalifunga kwenye mfuko. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mwalimu alisubiri mkono ule usite. Haukusita.

Mlangoni kijana aligeuka, mfuko ukining'inia kidoleni.

"Niambie jambo moja tu, Mwalimu, na useme kweli. Muwasho ulikoma?"

Mwalimu aliangalia chini. Hakuwahi kumdanganya mwanafunzi.

"Ulikoma," alisema.

"Umeona?" kijana akamwambia Mama Kioo, akatoka.