Chupa Yenye Uzi

Mpwa wangu alinionyesha karatasi hata kabla ya kunisalimia. "Shangazi, kamera inapatia asilimia tisini na tisa nukta tisa!"

Ndiye injinia aliyefunga kamera kwenye mstari wetu wa chupa za dawa ya watoto. Mimi ni mkaguzi. Miaka kumi na tisa nimekaa mbele ya taa nikitazama chupa zikipita. Bila saini yangu, kamera hairuhusiwi kukagua peke yake. Na kama nisingesaini kufikia Ijumaa, mkataba wake ungeota mbawa.

"Na uzi je?" nikamuuliza.

Uzi ni unywele wa kioo unaokatiza ndani ya chupa, kutoka ukuta huu hadi ule. Unaweza kumaliza miaka miwili hujauona. Ukivunjikia kwenye dawa, mtoto anaumeza.

Alikuwa ameifundisha kamera kwa picha elfu nane za chupa mbovu: nyufa, mapovu, midomo iliyomeguka. Ya uzi hakupata hata moja.

"Uzi ni mmoja kwenye mamilioni. Kamera iukose, karatasi yako itabaki inang'aa vilevile. Sisaini."

Alinuna. Lakini picha angezipata wapi? Kanuni yetu, niliyoisimamia kwa ukali, ni kwamba chupa yenye uzi inavunjwa papo hapo kwa nyundo, isije ikarudi mstarini kimakosa. Nilivunja sita na kujiona hodari. Kumbe nilikuwa navunja ushahidi wote. Iliniuma, sifichi.

Ya saba, ya mwaka wangu wa kwanza, ilikuwa nyumbani ndani ya soksi. Niliiiba kwa sababu ilinipendeza. Kesho yake nikaileta, nikijua naweza kufukuzwa kwa hilo.

Tukaipitisha. Kamera ikaiacha iende zake na wenzake.

"Basi ifundishe hii," nikasema.

"Moja haitoshi, Shangazi, itaikariri tu. Hii tuiweke ya kufanyia mtihani. Nitaifundisha chupa nzima, zisizo na kasoro, hizo tunazo tele. Kisichofanana nazo, itoe."

"Na taa iweke nyuma, chupa izunguke. Upande mmoja uzi unajificha."

Siku ya kwanza kamera ilikuwa na wasiwasi kama mama mkwe: tone la maji, nje, vumbi, nje. Nilizichambua zote kwa mkono, mpwa wangu akiongeza zile nzima kwenye mafunzo. Alhamisi ikatulia. Tukapitisha chupa ya soksi mara ishirini, kila mara imegeuzwa vingine. Mara zote ishirini upepo wa mashine uliisukuma nje ya mstari.

Nikasaini, kwa sharti moja: kinachotolewa kipitie mikononi mwangu.

Miezi mitano baadaye, kwenye sanduku la zilizotolewa, nikainua chupa moja kwenye taa. Uzi ukameremeta. Mkono ulishakwenda kwenye nyundo wenyewe, nikaurudisha.

"Mwanangu, njoo upige picha," nikaita. "Na mtu aniletee soksi."