Tumetoa

Wewe, daktari akitoka theta akuambie "tumetoa," utamuuliza ametoa nini?

Mimi sikuuliza. Mjukuu wangu Sharlyne alikuwa ameingizwa humo ndani kupasuliwa, amejikunja kabisa, jasho linamtoka, na kila mtu katika ile hospitali ndogo ya Malaba, hadi askari wa geti, alikuwa ameshasema ni apendiksi. Kwa hiyo daktari alipotoka, gumbuti nyeupe miguuni na kofia ya kijani bado kichwani, akasema, "Tumetoa, mama. Ilikuwa mbaya, lakini tumetoa," nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka sista akaniambia nipunguze, kuna wagonjwa.

Daktari mwenyewe anaitwa Ekwaro, mzaliwa wa kule Chakol, bado kijana. Nakumbuka alifungua mdomo kama aliye na neno lingine. Hapo hapo wakamwita, kuna mama wa kujifungua ameletwa anavuja damu. Akakimbia. Pale alikuwa anakuja kushika zamu tu, na tulipoamka alikuwa ameshaenda kituo kingine. Aliyemtoa Sharlyne mpira wa kukamua usaha, akaturuhusu kwenda nyumbani, alikuwa mwingine, na huyo alifuata karatasi. Karatasi ilisema ametolewa apendiksi. Tukarudi Matayos.

Sharlyne alipona. Akaolewa na Willis, fundi wa pikipiki, mcheshi sana. Mimba ilipoingia Willis akaanza kuliita tumbo "boss." Asubuhi anaweka sikio pale, "Boss, leo umeamkaje?" Sharlyne anamsukuma na mguu. Mimi nilikuwa nimeshanunua uzi wa manjano nifume kofia, kwa sababu manjano haichagui msichana wala mvulana.

Mimba ikiwa imeshaonekana vizuri, siku moja akaacha kuchambua njugu, akashika ubavu.

"Kukhu, panauma." Kukhu ni nyanya, kwetu. "Ni pale pale pa zamani, juu kidogo."

"Pale pale hakuna kitu," nikamwambia. "Walitoa."

Alipoanza kutapika tukampeleka Busia, hospitali kubwa. Kijana aliyempokea alikuwa na heshima, simlaumu sana. Aliinua nguo, akaona kovu, akasoma ile karatasi ya Malaba.

"Mama, apendiksi ilitoka?"

"Walitoa, daktari. Aliniambia kwa mdomo wake."

"Basi tusitafute isiyokuwepo. Wajawazito wanasumbuliwa sana na mkojo." Akamwandikia dawa ya mkojo, akamweka dripu.

Ile dawa haikufanya kitu. Homa ikapanda, tumbo likawa gumu, Sharlyne akaacha kujibu utani wa Willis. Ndipo akaja daktari wa upasuaji, mama mmoja mrefu anaitwa Apeduno. Alibonyeza tumbo taratibu akimwangalia Sharlyne usoni, si tumboni. Akauliza, "Aliyeitoa alipeleka kipande maabara? Majibu yako wapi?"

Nikamwambia hatukupewa majibu yoyote.

Akapiga simu Malaba, wakamtumia picha ya ile karatasi ya theta, ile ambayo daktari anaandika akimaliza kupasua. Aliisoma amesimama kando ya kitanda. Nilimwona akiikuza kwa vidole, akairudisha juu, akaisoma tena.

"Imeandikwa upasuaji ni kutoa apendiksi," akasema polepole. "Lakini hapa pa kueleza alichokuta, ameandika usaha na matumbo kushikana, basi. Haisemi aliifunga wapi wala aliikata wapi. Pa kipande ni patupu."

"Hiyo ina maana gani?" Willis akauliza.

"Ina maana siwezi kuamini hili kovu." Akamgeukia sista. "Skani ya haraka, na theta wajitayarishe."

Skani ilionyesha maji machafu tumboni, na moyo wa mtoto bado unapiga. Willis aliusikia ule moyo. Hilo ndilo linalonirudia nikikaa peke yangu.

Apendiksi ilikuwa ndani. Imepasuka. Walifanya walichoweza, na Sharlyne alitoka hai, lakini uchungu ukamshika akiwa wodini, na mtoto akatoka kabla ya wakati wake. Alikuwa mvulana. Hakulia.

Sharlyne alipopata nguvu ya kukaa, Daktari Apeduno alikuja kumwona, na nyuma yake alikuwa Ekwaro. Alikuwa amesikia, akaja mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Amekonda. Willis alipojua ni nani akasimama, nikamshika shati.

Nikamwambia Daktari Apeduno, "Safari hii nataka nijue. Mmetoa nini?"

Hakukasirika. Alivuta kiti, akafungua faili, akatusomea ile karatasi yake kwa Kiswahili. Kwanza jina la mgonjwa, tarehe, nani alipasua, nani alimlaza usingizi. Kisha alipokata. Kisha alichokuta: usaha, matumbo yameshikana tangu ule upasuaji wa kwanza, apendiksi nzima iko mahali pake, imetoboka karibu na ncha. Kisha alichofanya: akafunga mshipa wake wa damu, akafunga shina, akakata, akaosha tumbo. Damu iliyopotea. Matatizo, akasoma bila kushusha sauti: kuchelewa kutambua ugonjwa, na mimba iko hatarini. Kipande kimepelekwa maabara. Mwisho, vitambaa, sindano na vyuma vimehesabiwa kabla ya kukata na kabla ya kufunga, hesabu sawa.

"Na ile ya Malaba?" Sharlyne akauliza. "Hesabu ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa," akasema Daktari Apeduno. "Sista amejaza vizuri, ameweka na sahihi. Hapakubaki kitambaa hata kimoja."

Sharlyne akacheka kidogo, kicheko cha kuumiza mshono, akashika tumbo. "Kwa hiyo walihesabu vitu vyao vyote. Changu tu ndio wakasahau."

Ekwaro alikuwa anaangalia ile faili.

"Kichwa cha karatasi huwa kinajazwa kabla hatujaanza," akasema. "Unaandika unachoenda kufanya. Ukikuta mambo mengine ndani, unatakiwa ukate yale maandishi, uandike upya ulichofanya."

"Nani asiyejua hilo?" Daktari Apeduno akasema.

"Nilikamua usaha. Matumbo yalikuwa yameshikana sana, kuilazimisha apendiksi itoke ningetoboa utumbo. Kuiacha haikuwa makosa. Mgonjwa anatulia, anarudi baadaye itolewe. Niliitwa kwa yule mama mwingine, nikaandika mistari miwili nikikimbia. Kichwa sikukigusa."

"Na mimi uliniambia mmetoa," nikasema.

"Usaha, kukhu. Nilikuwa nasema usaha."

Sijui aliliokota wapi lile neno la kukhu. Pengine alimsikia Sharlyne. Nilitaka kumkemea, badala yake nikaanza kukunja leso ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Sharlyne akamgeukia. "Siku ile ulikuwa unataka kusema kitu. Kukhu aliniambia. Ulifungua mdomo, wakakuita."

"Ndio."

"Sema sasa."

Ekwaro akavua miwani. Hakumwangalia daktari mwenzake, wala mimi. Akasema, "Bado iko ndani, Sharlyne. Sikuitoa. Urudi tuitoe."