Hesabu Mpya ya Nyakerario

Keki ya kwanza ilitoka Ijumaa asubuhi ikiwa nyeusi juu, imepasuka katikati kama kilima kilichomomonyoka. Nyakerario alipoichoma kijiti, kijiti kilitoka kimelowa uji wa unga.

"Ni mayai," alisema. "Mayai ya siku hizi hayana nguvu."

Drusilla, mke wa mwanawe Haron, alikuwa akisugua sufuria mlangoni. Aliendelea kusugua. Hapo Nyaramba hakuna aliyethubutu kumfundisha Nyakerario kuoka. Keki za harusi za kijiji kizima zilitoka katika oveni yake, sanduku la bati lenye makaa chini na trei nyingine ya makaa juu ya kifuniko. Haikuwa na kipimo cha joto. Kipimo kilikuwa mkono wake: aliutia ndani, akahesabu polepole, na joto likimshinda kwenye nane, basi keki huingia.

Lakini safari hii keki ilikuwa yake mwenyewe. Jumapili angefunga ndoa kanisani na Manasseh, mzee aliyeishi naye tangu ujana wao. Kila walipopanga harusi kulitokea jambo: mtoto kazaliwa, ng'ombe kaugua, nyumba inavuja. Mwaka huu watoto walikaa kikao wakakataa visingizio. Na kwa kuwa walikuwa Wasabato, jua la Ijumaa likitua hakuna kuoka tena mpaka Sabato iishe, na wakati huo nyumba ingekuwa imejaa wageni.

Nyakerario alikoroga unga wa keki ya pili, akachochea makaa, akatia mkono ovenini. Kwenye nane akautoa.

"Iko tayari. Lete keki."

Drusilla aliinamia mlango wa oveni kuangalia, naye akatia mkono wake. Aliuvuta upesi. "Mama, mimi hata tatu sijafika."

"Wewe unauza vitambaa. Mikono yako haijazoea."

"Labda. Lakini kwetu Sironga mama yangu hupima joto kwa unga. Tujaribu mara moja tu, kabla hatujapoteza keki nyingine."

Nyakerario alisogea kando. Drusilla alinyunyiza unga mkavu kwenye sahani ya bati, akautandaza uwe mwembamba, akauweka pale ambapo keki ingekaa, akafunga.

"Ukigeuka rangi ya dhahabu taratibu, kwa dakika tano hivi, joto ni la keki," alisema. "Ukibaki mweupe, joto halijatosha. Ukiwahi kuwa mweusi..."

Hakumaliza. Harufu ya kuungua iliwafikia. Alipofungua, unga ulikuwa umeshakuwa rangi ya kahawa, na pembeni ulikuwa unatoa moshi.

Nyakerario alitazama ule unga, kisha akageuza viganja vyake akavitazama kwa muda mrefu. "Kumbe si mayai," alisema kwa sauti ndogo.

Manasseh alikuwa amefika mlangoni na mkungu wa ndizi begani, akasikia. Aliuweka chini.

"Mama Haron, mikono hiyo imechuma chai na kugeuza trei za moto maisha yote. Ngozi imekuwa nene. Nane ilikuwa hesabu ya yule msichana niliyemleta hapa. Huyu bibi harusi wa leo atafute yake."

Nyakerario alicheka mpaka akajishika kiuno. "Baba Haron, nenda ukamenye ndizi."

Hakwenda. Alibaki kutazama wanawake wawili wakitoa makaa kwa koleo, wakifunika yaliyobaki kwa majivu, wakiacha mlango wazi joto lipungue. Sahani ya pili ya unga mkavu bado ilikimbilia weusi. Wakatoa makaa mengine. Unga wa sahani ya tatu ulikaa, ukabadilika polepole, mwisho ukawa na rangi ya dhahabu sahani nzima.

"Sasa tia mkono, Mama," Drusilla alisema. "Tujue hesabu yako."

Nyakerario alitia. Manasseh akahesabu naye kwa sauti, kama watoto wa nasari. Nane ikapita, kumi ikapita. Kwenye kumi na nne akautoa akiupuliza.

"Kumi na nne," alisema, akijaribu neno hilo mdomoni. "Sawa. Leteni keki."

Hakuna aliyefungua mlango mpaka harufu ya vanila ilipofika uani. Juu keki ilikuwa bado imepauka kidogo, wakaongeza makaa machache kwenye kifuniko. Ilipoiva, ilikuwa imeinuka sawasawa, na kijiti kilitoka kikavu. Jua lilikuwa bado juu ya vilima. Nyakerario alikumbatia mke wa mwanawe, mikono yote miwili ikiwa na unga, akaacha alama mgongoni mwa gauni lake.

Jumapili, baada ya ndoa, Manasseh alilishwa kipande cha kwanza mbele ya watu. Alitafuna, akameza, akafungua mdomo tena. Nyakerario akamlisha cha pili, na kina mama wakapiga vigelegele, wakamvuta Drusilla kutoka kwenye kiti chake wakamwingiza katikati ya wachezaji.