Mgongo wa Sinyati

Mtihani wa ubingwa wa upasuaji ulimwangusha Elinipa mara moja, mwaka juzi, kwa kesi ya majeraha ya moto. Kwa hiyo alipoingia wodini saa tano asubuhi na kuoneshwa kitanda cha nne, cha mgonjwa wa moto, alirudi nyuma hatua moja. Mgonjwa aliyeandaliwa kwa mtihani alikuwa amezidiwa tangu jana, na badala yake watahini walimchagua mama aliyeletwa asubuhi ileile kutoka mtaa wa Sakina.

"Una dakika ishirini," alisema Profesa Anaeli, mtahini mkuu, mzee asiyecheka. "Mpime, kisha utueleze eneo lililoungua na maji anayohitaji. Ukimaliza, kesi ya pili inakusubiri chumba cha pembeni."

Mama huyo aliitwa Sinyati. Alilala chali, shuka hadi kifuani, mikono yote miwili imefungwa bandeji. Faili lilisema: kilo sitini, mikono miwili, asilimia kumi na nane. Dripu ilikuwa mguuni, mililita mia mbili na sabini kwa saa, tangu alipofika saa tatu.

Hesabu ilikaa sawa. Kila mkono ni asilimia tisa. Mililita nne mara kilo sitini mara kumi na nane ni elfu nne mia tatu na ishirini kwa siku, nusu yake ndani ya saa nane za kwanza. Angeweza kusoma hivyo hivyo na kushukuru.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Moto ulikupata saa ngapi?"

"Maji," alisema Sinyati.

Elinipa alimchungulia puani na mdomoni. Hapakuwa na masizi, sauti haikukwaruza; moshi haukuwa umeingia mapafuni. Akarudia swali polepole.

"Nachemsha chai ya kuuza. Mtungi wa gesi ukawaka. Mwanangu Nosim alikuwa karibu, nikamkumbatia, nikageuka." Alimeza mate. "Watoto wa shule bado hawajapita. Saa kumi na mbili. Nosim hajaungua."

Nikageuka. Elinipa alilishika neno hilo: aliyegeuka huungua mgongo. Halafu akatazama mfuko wa mkojo: mililita kumi na tano kwa saa nzima, rangi ya chai ya rangi. Mtu wa kilo sitini alipaswa kutoa thelathini.

"Sista, nisaidie kumgeuza."

Muuguzi Tabitha alimtazama Profesa, kisha akashika shuka. Walimgeuza kwa pamoja. Sinyati akatoa sauti iliyowanyamazisha wagonjwa wa vitanda vya jirani. Mgongo wote, mabegani hadi makalioni, ulikuwa malengelenge yaliyopasuka na ngozi iliyoganda, nyeupe katikati. Mapajani palikuwa pekundu tu bila lengelenge, hapo hakuhesabu.

Mgongo ni kumi na nane. Jumla thelathini na sita. Maji ya siku nzima lita nane na mililita mia sita arobaini, na nusu yake imalizike saa nane mchana, kwa sababu saa huanza kuhesabiwa moto ulipowaka, si mgonjwa alipofika. Alikuwa amepata mililita mia tano na arobaini tu.

"Zimebaki dakika sita," alisema Profesa. "Tunasubiri maelezo yako."

"Profesa, kabla ya maelezo, naomba kanula kubwa ya pili kwenye mshipa, sasa hivi."

"Huu ni mtihani, Dokta."

"Mgongo haukuangaliwa. Figo zake zinakauka." Alionesha mfuko wa mkojo. "Bado lita tatu na mililita mia saba themanini, na zimebaki saa tatu. Ni elfu moja mia mbili na sitini kwa saa. Sisemi tumimine bila kuangalia. Tuongeze, tupime mkojo kila saa, tusikilize mapafu."

Profesa alikwenda kitandani, akainama, akautazama mgongo. Kisha akavua koti.

"Tabitha, leta chupa za maji ya Ringa. Nyingi."

Mshipa uligoma. Mguu ulikuwa baridi, mishipa imejificha, na Elinipa alichoma mara mbili akakosa huku jasho likimtiririka machoni. Ya tatu ikaingia. Hakutoka pale. Saa sita mkojo ulikuwa mililita kumi na mbili, akaona kama anazama yeye. Saa saba, kumi na tisa. Saa nane, ishirini na nane, rangi imepungua. Saa tisa, thelathini na tano.

Kesi ya pili alikuwa hajaiona. Kamati ya watahini ilikaa, Profesa Anaeli alimtetea hadi wenzake wakachoka, lakini kesi isiyofanywa haina alama. Wiki tatu baadaye matokeo yalitoka, akawa amefeli kwa alama nne. Alisoma karatasi mara mbili kwenye korido, akaikunja, akalia akiwa amesimama.

Kisha alinawa uso. Siku hiyo Sinyati alikuwa anabandikwa ngozi mgongoni, na chumba cha upasuaji kilikuwa kinamhitaji awe msaidizi.