Mistari Miwili Aliyoikata Theophil

Mume wangu Theophil ana ugonjwa mmoja ambao hospitali ninayofanyia kazi haijapata dawa yake: anapenda kuwarahisishia watu mambo ambayo hawajamwomba. Tunaishi Richfield, jimbo la Minnesota huku Marekani, karibu na uwanja wa ndege. Kila Jumamosi asubuhi, kabla chai haijachemka, huchukua simu yake ya zamani yenye laini ya Tanzania na kumnunulia baba yake umeme.

Baba mkwe, Mzee Elinaja, anaishi peke yake Mwanga, kule Kilimanjaro, tangu mama mkwe alipofariki. Alikuwa karani wa posta kwa miaka thelathini. Simu anayo, pensheni anayo, na kununua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, anajua kuliko mimi. Lakini Theophil aliamua kwamba mzee wa miaka sabini na minne asisumbuke. Basi hukaa kwenye kochi, hufungua programu ya pesa ya ile laini, huchagua kulipa bili, huingiza namba ya mita ya baba, kiasi, na namba ya siri. Baada ya muda mfupi ujumbe unaingia kwenye simu yake yeye aliyelipa: uniti, kodi, makato, na tokeni, ile namba ya tarakimu ishirini ya kuingiza kwenye mita. Theophil hukopi tokeni peke yake na kumtumia baba kwa WhatsApp. Mengine anayakata, eti yatamchanganya. Kisha husimama na kumpigia kwa simu yake ya kila siku. "Baba, nimetuma namba. Umeiona? Haya, Mungu akubariki." Dakika mbili, amemaliza. Mimi huona haya kwa niaba yake, lakini ndoa ni kuchagua vita.

Jumamosi moja ya Oktoba 2024, baada ya Theophil kutuma namba kama kawaida, simu ilipigwa kutoka upande wa pili. Kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi, kwao saa kumi na moja jioni.

"Mwanangu, mita imekataa," baba alisema. Theophil alikuwa ameweka simu kwenye spika. "Na umeme umeshakatika, uniti zimekwisha. Nina mayai kwenye mashine."

Mayai nilikuwa nayajua mimi. Baba alinunua mashine ya kutotolesha vifaranga, akaweka mayai mia na ishirini, na hiyo ilikuwa siku ya kumi na tisa. Zilibaki siku mbili. Nusu ya vifaranga vilikuwa na wenyewe tayari, akina mama wa kwaya waliokwisha kujenga mabanda. Mzee aliyestaafu na kufiwa alikuwa amepata tena kitu cha kuamkia asubuhi. Mayai yakipoa, yangeoza, naye angerudi kukaa barazani akitazama barabara.

"Umekosea kubonyeza, baba," Theophil alisema. "Weka miwani. Ingiza polepole."

"Miwani ninayo. Nimeingiza mara mbili. Ila nilitaka kukwambia, huku siku hizi..."

"Ngoja kwanza. Nikusomee mimi, wewe bonyeza. Nne, moja, saba..."

Akamsomea baba yake, mtu mzima, kama anafundisha chekechea. Tarakimu ishirini, moja moja, na baada ya kila nne anauliza, "Umebonyeza?" Baba anajibu, "Nimebonyeza." Mwishoni baba akasema, "Imekataa."

"Haiwezekani. Nakununulia nyingine."

"Theophil, jirani yangu Nasibu naye..."

"Baba, subiri!"

Nilikuwa jikoni nakaanga maandazi. Niliposikia ile "subiri" nilizima jiko. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Mtu aliyekulipia ada hadi ukafika kwenye baridi ya Minnesota haambiwi "ngoja" na "subiri" ndani ya dakika kumi.

Theophil alinunua tena. Ujumbe ulikuja na tokeni moja. Akamsomea. Baba akabonyeza. Mita ikakataa tena.

"Mashine ina nyuzi joto thelathini na nne," baba alisema taratibu. "Inatakiwa thelathini na saba na nusu. Nimeifunika blanketi mbili."

"Lazima vidole vinatetemeka," Theophil aliniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba spika ina adabu ya kutosikia.

Baba alikohoa kidogo. Nilichukua ile simu mkononi mwa mume wangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Ernestina. Habari za kazi?"

"Njema, baba. Ulikuwa unasema nini kuhusu Nasibu?"

"Aa, basi wewe unisikilize. Shirika la umeme linaboresha mita zote. Ukinunua mara ya kwanza katika zoezi hili, unaletewa mistari mitatu, kila mmoja tarakimu ishirini. Unaingiza wa kwanza, halafu wa pili. Hiyo miwili haina umeme, ni ya kuibadilisha mita yenyewe. Wa tatu ndio una uniti. Nasibu aliletewa mitatu. Mimi nimeletewa mmoja, nikashangaa."

Nilimtazama Theophil. Theophil alitazama simu ya zamani. Aliufungua ule ujumbe wa kwanza, akaupandisha kwa kidole, na niliona masikio yake yakibadilika rangi. Mistari mitatu ilikuwa pale, imepangana.

"Nilidhani hiyo miwili ni namba za risiti," alisema.

Kazi yake kwenye kiwanda cha Plymouth, mji wa jirani, ni kukagua vipuri vya mashine za hospitali. Analipwa kwa kutoruka kitu.

"Mtumie baba ujumbe mzima," nilisema. "Mzima, usikate hata nukta."

Akautuma. Baba hakutaka kusomewa. Tulisikia vitufe vikilia bila haraka, mbali na sisi kwa kilomita nyingi ambazo sina hamu ya kuzihesabu. Mstari wa kwanza ukakubali. Wa pili ukakubali. Wa tatu ukakubali, umeme ukawaka, na redio ya baba ikaanza kuimba ghafla. Kisha akaingiza na ile tokeni ya pili tuliyonunua, nayo ikaingia, kwa kuwa mita sasa ilikuwa imeshabadilika.

"Mayai je?" niliuliza.

"Ngoja niweke sikio." Tukasubiri. Nilikuwa nimeshika meza. "Kuna linalolia ndani," baba alisema, na sauti yake ilitetemeka kuliko vidole vyake vyovyote. "Na jingine. Wazima, Ernestina. Wazima!"

Nililia, sioni aibu kusema.

Theophil alichukua simu. "Baba, nisamehe. Nilikukata maneno. Nilidhani wewe ndiye..."

"Ukubwa jalala, mwanangu. Yameisha."

"Kuanzia Jumamosi ijayo nitakutumia hela tu, ununue mwenyewe. Unajua kuliko mimi."

"Hapana," baba alisema haraka. "Usinitumie hela. Endelea kununua wewe."

"Kwa nini, baba?"

 Redio ikapunguzwa.

"Nikinunua mwenyewe, Theophil, utanipigia kwa sababu gani?"

 Macho ya mume wangu yalijaa machozi, nami nikageukia maandazi yangu ili nisimwaibishe. Nilisikia akivuta kiti na kukaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiongea na baba yake.

"Baba," alisema, "hayo mayai ni ya kuku wa aina gani?"