Kipande cha Tano

Mama Cherehani alipojua kwamba maradhi hayamwachi tena, hakutaka wanawe wajipange mbele ya kitanda wamlilie. Alimshonea nguo kila mmoja wao tangu utotoni, akawajua kwa vipimo, na sasa alitaka kumwambia kila mmoja lake, peke yake. Akamwita Mkasi.

Mkasi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye chumba cha kazi nyuma ya duka la vifaa vya shule. Alipiga na kuhariri video za harusi na mahafali, na jina hilo alipewa na wateja waliokuwa wakilalamika kwamba amewakata wakati wanacheza. Yeye hakujali. Alisema asiyekatwa hucheza mpaka watazamaji wakalala.

"Kila mtoto na lake," mgonjwa alimwambia. "La huyu lisisikiwe na yule. Hata wewe usisikilize."

"Sasa Mama, nitakataje bila kusikiliza?"

"Si una macho? Nikianza na mtoto nitainua picha yake. Nikimaliza nitailaza mezani. Ukishakata, ile video nzima uifute, binti yangu mkubwa akiona kwa macho yake."

Basi Mkasi akaweka kamera mbele ya kiti, akaiwasha, akatoka na kuufunga mlango. Mama Cherehani aliongea, akapumzika, akanywa maji, akasinzia kidogo, akaongea tena, kamera ikimeza vyote bila kukoma. Wiki chache baadaye akafariki.

Baada ya mazishi Mkasi alikaa na ile video ndefu, spika amezizima kabisa. Ilikuwa kazi nzito kuliko alivyodhani. Kumtazama mtu aliyekwisha kuzikwa akisogeza midomo, akicheka, akijifuta macho, nawe humsikii, kunamchosha mtu roho. Kila picha ilipoinuliwa aliandika muda wa kuanza kwenye faili la maandishi matupu. Ilipolazwa, akaandika muda wa kumaliza, na mbele yake jina la mtoto. Mtoto mmoja, mstari mmoja. Watoto walikuwa watano, na wa mwisho kuinuliwa alikuwa yule waliyemwita Turubai, dereva wa lori. Mkasi alikuwa ndiyo kwanza amelimaliza jina lake pale mtu alipobisha mlango, anataka picha ya pasipoti na ana haraka kama amechelewa kuzaliwa. Mkasi akahifadhi faili, akainuka.

Aliporudi aliendesha programu yake fupi, ile inayosoma faili mstari kwa mstari na kukata kipande kwa kila mstari. Angeweza kuiamuru inakili tu bila kuichakata picha upya, kazi ikaisha upesi; lakini mkato wa namna hiyo mara nyingi hurudi nyuma hadi penye picha kamili iliyotangulia, na sekunde za mtu mmoja zikaingia kwa mwingine. Mama Cherehani alikataza hilo. Kwa hiyo akachagua njia ya polepole, ya kuchakata kila kipande upya ili kianze pale pale alipoandika. Kompyuta ikanguruma mchana kutwa. Ilipotulia hapakuwa na onyo lolote. Mkasi akafungua vipande kimoja kimoja, sauti ikiwa imezimwa: hapa picha inapanda, hapa inashuka. Vyote safi. Alivikagua vilivyokuwapo, na hakuna mtu anayejua kukagua kisichokuwapo.

Binti mkubwa, ambaye familia nzima ilimwita Mwalimu kwa kuwa ndiyo kazi yake na ndiyo tabia yake, alivichukua. Siku chache baadaye akarudi kushuhudia video nzima ikifutwa, kama marehemu alivyoagiza.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, uso umemshuka.

"Pole, dada," Mkasi akasema. "Walipokea vizuri?"

"Walilia, lakini kilio cha heri. Kila mtu alikwenda na simu yake, huyu jikoni, yule uani. Ila mmoja." Akaukumbatia mkoba. "Mama hakumwachia Turubai neno. Nilivipitia vile vipande jina kwa jina, lake halimo. Alikaa pale sebuleni akisubiri, mtu mzima yule, mikono magotini. Nikamwambia, mdogo wangu, mama hakuwa na la kukuambia."

"Ukamwambia hivyo hivyo?"

"Ningemwambiaje? Baba alikufa akimwita. Mama mwenyewe alimpigia simu, naye akajibu kwamba hatakuja, ana mzigo wa kupeleka. Miaka yote hiyo amekana kwamba alipigiwa, tunamwona mwongo. Nikaona mama amekata kauli. Akainuka, akasema sawa, hatakanyaga tena mlango wetu. Leo anaondoka na lori, anasema hana nyumba ya kurudi." Akapangusa pua. "Haya, ifute tumalize."

Mkono wa Mkasi ulikuwa tayari juu ya kipanya. Ukaganda hapo hapo.

"Dada, mama yako aliinua picha tano," akasema taratibu. "Ya mwisho ilikuwa ya kijana ameegemea lori. Aliishika muda mrefu kuliko zote."

Mwalimu alimtazama kama mtu aliyeamshwa ghafla.

Mkasi akafungua folda: vipande vinne. Akafungua faili: mistari mitano, na wa tano ulikuwepo mzima, muda wa kuanza, muda wa kumaliza, turubai. Akapeleka kishale mwisho kabisa wa faili. Kikasimama pale pale ubavuni mwa herufi ya mwisho, hakikushuka.

"Sikubonyeza kitufe cha kushuka mstari," akasema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Hii programu inajua mstari umekwisha kwa kukuta alama unayoiweka ukibonyeza kile kitufe. Mstari wa mwisho sikuufunga. Imeusoma, ikauona haujakamilika, ikatoka bila kuukata. Wala haikulalamika. Mtu alibisha mlango nikainuka." Akamgeukia Mwalimu. "Kosa ni langu, dada. Mama yako alisema naye. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Mwalimu hakugomba, na Mkasi angependa agombe. Alisema tu, "Na mimi nimekwenda kumwambia mtoto wa watu hana neno," akasahau katika uchungu wake kwamba mtoto wa watu huyo ni ndugu yake wa tumbo moja.

Mkasi alikibonyeza kile kitufe, akaendesha mstari ule mmoja. Wakasubiri. Mwalimu alipiga simu ya Turubai mara kwa mara, haikupatikana. Kipande kilipotoka, Mkasi akakikagua mwanzo na mwisho bila sauti, akachukua kompyuta yake ndogo na diski yenye video nzima, wakafunga mlango.

Walimkuta kwenye uwanja wa malori, anakaza kamba za mzigo. Alikuwa mrefu, mkavu, na alipomwona dada yake hakuacha kukaza.

"Turubai, kipande chako kipo," Mwalimu akasema, akihema. "Kilisahaulika kukatwa."

"Kimepatikana leo?" Akacheka bila furaha. "Dada, usinihurumie. Mmekaa, mmechukua maneno ya mama huku na huku, mkaniunganishia. Huyu si ndiye fundi wa kukata? Anayejua kukata anajua kuunga."

Mwenye kovu usidhani kapoa, na huyu alikuwa na kovu la miaka. Mkasi aliona hapo kwamba kumwelezea habari ya kitufe ni kumpigia mbuzi gitaa. Kipande kilichokatwa hakiwezi kujitetea chenyewe. Kinachoweza kukitetea ni video nzima kilikokatwa.

"Kaka," akasema, "panda kwenye kibini cha lori. Nitakuonyesha video nzima ambayo haijaguswa. Sauti nazima, kwa sababu mama alikataza mtu kusikia ya mwenzake. Wewe tazama tu."

Alipanda kwa shingo upande. Mkasi akaweka kompyuta kitini, akaisogeza video mpaka karibu na mwisho. Mama Cherehani alikuwa ameshika picha ya mtoto wa nne, anaongea, anatabasamu. Akailaza mezani. Akanywa maji. Akakaa mikono mitupu, akiitazama meza. Muda ulikuwa unakwenda pale chini ya video, sekunde moja baada ya nyingine, bila kuruka. Mara mbili alinyoosha mkono na kuurudisha. Kisha akaichukua ile ya kijana na lori, akaiinua, na kabla hajasema lolote akaigusisha kwenye paji la uso wake.

Turubai alitoa sauti ndogo, si neno.

"Basi," akasema. "Inatosha. Nipe changu."

Mkasi alikihamishia kipande kwenye simu ya Turubai, wakahakikisha kinafunguka. Ndipo akamwita Mwalimu aone, akaifuta video nzima kwenye diski pale pale, kisha akawaonyesha kwamba nakala ya kazi iliyokuwa kwenye kompyuta nayo haipo tena. Akashuka na kompyuta yake. Mlango wa kibini ukafungwa.

Walisimama yeye na Mwalimu kando ya lori. Wapakiaji walipita na magunia wakiwatania kwamba kama wanangoja lifti walipie kabisa. Mwalimu hakuwasikia. Kupitia kioo walikiona kichwa cha Turubai kimeinama, kikabaki kimeinama.

Mlango ulipofunguka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada, panda," akasema. "Mama amesema nikitaka, usikie. Nataka."

Mwalimu akapanda. Mkasi akataka kuondoka, lakini mlango uliachwa wazi, na sauti ya Mama Cherehani ikamfikia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kamera. Ilikuwa imechoka lakini haikutetereka.

"Mwanangu, wewe nimekuweka mwisho kwa sababu nakuogopa. Baba yako alipokuwa anakata roho sikukupigia simu. Nilijua ungeendesha usiku kucha, na mimi nimeshamzika kaka yangu aliyekufa barabarani. Nikawaambia wenzako nimekupigia ukakataa. Nikadhani nitasahihisha kesho. Kesho ikawa miaka. Wakakuita mwongo mbele yangu nami nikanyamaza, mama mzima. Hukukosa kitu, mwanangu. Nisamehe ukiweza. Na ukitaka, wasikie wote."

Injini ya lori jirani iliwaka, ikazimika. Mkasi alisimama na kompyuta kifuani, akifikiri kwamba alikuwa amebakiza kidole kimoja tu aifute sauti ile isisikike milele.

Mwalimu hakulia kwa sauti. Aliushika mkono wa mdogo wake wenye mafuta ya gari kwa mikono yake yote miwili.

"Ulituambia," akasema. "Ulituambia kila mara."

"Niliwaambia."

"Shuka, twende nyumbani. Wengine wako pale."

"Mzigo unaondoka leo, dada."

"Basi ukirudi."

Turubai alitazama mbele, kwenye lango la uwanja, kwa muda mrefu. Kisha akachomoa funguo za lori, akateremka, akaenda kumtafuta dereva mwingine.